Nyota ya Mizani na Macho ya Mama

Gazeti letu hutoka Ijumaa, na watu wengi hulifungua kuanzia nyuma, kwenye ukurasa wa nyota. Mhariri hapendi kuambiwa hivyo. Fundi cherehani aliyepanga chumba chini ya ofisi yetu, hapa Majengo, husoma nyota yake akiwa amesimama, kisha gazeti analitumia kukatia kielelezo cha kola. Habari za baraza la madiwani zinaishia shingoni mwa mashati.

Nyota hizo naandika mimi. Juu yake imechorwa picha ya mzee mwenye ndevu na kofia, akitazama mbinguni, na wasomaji wanamwita Mzee wa Nyota. Hayupo. Aliyekuwa akituletea safu hiyo aliacha kuleta, na mhariri akanigeukia mimi kwa sababu nilikuwa mpiga chapa na nilikuwa nimekaa karibu. Shule yangu ni darasa la saba na cheti cha kupiga chapa. Nikamwambia mimi sijui nyota hata moja.

"Hata yeye alikuwa hajui," alisema. "Unajua watu?"

"Watu nawajua kidogo."

"Basi kaa hapo."

Alinifundisha asubuhi moja, na nisimwonee, alinifundisha vizuri. Usimtajie mtu ugonjwa. Usimtajie kifo, wala bahati nasibu, wala siku ya safari. Mtajie kitu alichonacho kila mtu: amechoka, kuna anachokisubiri, kuna mtu wa karibu asiyemwelewa. Ukisema ni mkarimu, ongeza kwamba kuna siku anapenda kuachwa peke yake, maana hakuna asiyekuwa hivyo. Angalia majira. Januari kila mzazi ana wazo la shule. Desemba, Wachagga wakirudi mlimani kutoka kila pembe ya nchi, andika kwamba mgeni ataleta furaha na maneno, na hutakosea nyumba hata moja. Mwisho mpe ushauri mdogo, ambao akiufuata hautamdhuru, na asipoufuata hatakukumbuka.

La kwangu mwenyewe niliongeza moja. Niliona si haki nyota moja ipewe onyo wiki mbili mfululizo, kwa hiyo onyo nilikuwa nalizungusha. Wiki hii Punda, wiki ijayo Nge. Mapenzi nayo niliyazungusha, na kazi, na ndugu. Mhariri alicheka. "Unawagawia watu bahati kama nyama ya sikukuu," alisema.

Wakati mmoja mpangaji wa kurasa alikosea, akaweka maneno ya Kaa kwa Samaki na ya Samaki kwa Kaa. Nilikaa Ijumaa nzima nikisubiri simu ya kulalamika. Simu ilikuja moja tu, ya mwanamke wa Bomang'ombe. Alikuwa Samaki, na alitaka tumfikishie mzee shukrani kwa sababu hajawahi kusomwa moyo namna ile. Mpangaji akanipigia makofi. Mimi sikuona la kufurahia, ila sikujua ni kwa nini.

Mama yangu ni Mizani. Anaishi kule juu, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, kahawa chini ya migomba, ng'ombe wawili wa ndani. Jumamosi napanda na gazeti. Mama ni Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, na nyota anazisoma baada ya kugeuza kiti kielekee ukutani, kana kwamba padri angeweza kuchungulia dirishani. Hakujua kwamba ni mimi. Nilianza kwa kuona aibu kumwambia, kisha nikaona nikimwambia nitamnyang'anya mzee wake.

Mwaka juzi niliona ameanza kugonga vitu. Alikuwa akipita mlangoni anaugonga mwimo kwa bega la kushoto. Akimimina chai, kikombe kilicho pembeni hakioni mpaka akipapase. Nikamwambia twende mjini, hospitali, wakampime macho.

"Macho yangu yana nini? Gazeti nasoma mwenyewe, bila miwani ya mtu." Akalichukua, akanisomea Mizani kwa sauti, neno kwa neno, hakukosea hata moja. "Haya. Kipofu anasoma hivi?"

Niliyoyaandika kwa mkono wangu ndiyo yalikuwa ushahidi wake dhidi yangu. Baadaye daktari alitueleza kwamba presha ya macho huanza kula pembeni, katikati ikabaki nzuri kwa muda mrefu, na mtu anasoma vizuri huku dunia inamfungia kama mlango. Lakini siku ile hatukuyajua hayo, mama wala mimi.

Nilimwambia tena, na tena. Kila nikimwambia aliniuliza habari ya ndoa yangu iliyovunjika, na mazungumzo yakaishia hapo. Ndipo kaka yangu, aliyeko Dar es Salaam na ambaye siri yangu anaijua, akanipigia.

"Wewe si ndiye mzee mwenyewe? Mwandikie kwenye nyota. Mama hatusikilizi sisi, anasikiliza gazeti. Andika: Mizani, nenda hospitali ukapime macho. Kazi imekwisha."

"Mizani si mama peke yake, kaka."

"Na wengine wakipima macho watakufa?"

Nilikiri kwamba alikuwa na hoja. Niliandika kama alivyosema, macho na hospitali, nikampelekea mhariri. Aliisoma akavua miwani.

"Hii nini?"

Nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniuliza nina habari Mizani ni watu wangapi kuanzia hapa mpaka Himo. "Mwenye macho mazima atajua kwamba mzee hamjui, hatatusoma tena. Mwenye macho mabovu atasema tumempima. Na yule anayetoka kufiwa na mtu mezani pa upasuaji, wewe unampeleka hospitali? Toa. Andika kama unavyoandika siku zote, mama yako atajiona mwenyewe humo. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na kila mara naona alikuwa sahihi kwa gazeti. Ningekuwa mimi mhariri ningekata vilevile. Nikakaa nikaandika kwa ufundi wote niliokuwa nao, na sijawahi kuipima sentensi kama nilivyoipima ile:

"Mizani: Kuna jambo umeliahirisha kwa kuliona dogo. Mwili wako umeshakuambia. Mtu wa damu yako anakutakia mema kuliko unavyodhani. Wiki hii msikilize."

Mtu wa damu ni mimi. Niliona limekaa wazi kama mchana.

Jumamosi nilipopanda nilimkuta mama amevaa kitenge kizuri, uso unang'aa.

"Mwanangu, huyu mzee anatisha. Ameniona."

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema mwili wangu. Amesema mtu wa damu. Nimeshampigia mama yako mdogo."

Mama mdogo yuko Himo, anauza dawa za miti shamba sokoni. Kumbe alikuwa amemwambia mama tangu zamani kwamba macho yake yamejaa uchafu wa moshi wa jikoni, na yakisafishwa kwa asali na maji ya majani fulani yatarudi. Mama alikuwa anampuuza. Sasa nyota imesema asimpuuze.

"Mama, mtu wa damu anaweza kuwa mimi."

"Wewe?" Alinitazama kwa huruma. "Wewe huniambii mema, unaniambia hospitali."

Sitaki kumlaumu mama mdogo. Alimpenda dada yake, alikuja mwenyewe na chupa, akalala siku kadhaa akimsafisha. Maneno yangu yalimfaa yeye kuliko yalivyonifaa mimi. Aliyatimiza yote: damu, mema, kusikilizwa. Mama alitumia asali ile kwa miezi, na kila akisoma gazeti vizuri alisema dawa inafanya kazi.

Masika yalipofika alikuwa anakata majani ya ng'ombe kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji unaoshuka kutoka mlimani. Tangu aolewe ameuvuka mfereji ule. Hakuuona. Alianguka akavunjika mkono, na hospitali akaenda kwa ajili ya mkono. Muuguzi ndiye aliyeshangaa kwamba akimpa kitu kwa upande hakipokei.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia limebaki na kitundu cha katikati. Daktari, kijana mpole, alimwamkia shikamoo kabla ya kusema kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitalindwa na dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Akiacha, na kile kitundu kitafumba.

Kaka alinipigia jioni ile. "Nilikuambia andika hospitali." Lakini mama nilipomuuliza kama anajuta, alishangaa. "Nijute nini? Nyota ilisema nimsikilize mtu wa damu, nikamsikiliza. Mzee hakukosea. Mengine ni ya Mungu."

Matone yanachoma. Mama alianza kuyaruka: leo amesahau, kesho amelala mapema. Nikaona sasa sina cha kuficha, kitundu kile ni bora kuliko mzee. Jumamosi iliyopita nilikaa naye uani nikamwambia: "Mama, Mzee wa Nyota hayupo. Ni mimi ninayeandika. Miaka yote hii ni mimi."

Alicheka mpaka akashika mkono wake uliovunjika. "Wewe? Wewe uliyeishia la saba?"

"Mimi, mama."

"Mtu anayejua siri za watu wote ashindwe kujua mume wake anahama?" Alisema bila ubaya, kama mtu anayehesabu ndizi. Kisha akanipa gazeti. "Jicho limechoka. Nisomee."

Nikasoma Mizani, niliyoiandika Jumatatu: kwamba uvumilivu wake umeonekana, kwamba asibebe mzigo wa wengine. Na nilipofika mwisho sikuacha. Nikaendelea kwa sauti ileile, macho yangu yako kwenye karatasi: "Dawa ya macho uitie asubuhi na jioni, bila kuruka, hata kama inachoma."

Mama aligeuza uso mzima kunitafuta, maana siku hizi lazima ageuze wote.

"Hilo la mwisho umeongeza wewe."

"Limeandikwa hapa."

"Halikuandikwa. Huyo mzee namjua, hasemi hivyo. Yeye hamwamrishi mtu." Akatikisa kichwa, akanisikitikia. "Ungejaribu kumwiga basi, mwanangu. Wewe huna maneno kama yake."

Nikafungua kichupa cha matone. Aliusikia mfuniko, akafumba macho yote mawili.