Pampu Iliyotaka Kushusha Kilima

Mkandarasi aliyeshinda kazi ya maji karibu na Karuba alikuwa na injinia wake, kijana mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata siku za ukungu, na huko Masisi siku za ukungu ndizo nyingi. Mimi nilikuwa injinia wa upande wa pili: ofisi yangu ya Goma ilinituma kukagua kila kitu anacholeta kabla hakijafungwa. Kazi ya namna hiyo haikupi marafiki. Ukikubali, hakuna anayekumbuka jina lako. Ukikataa, unaitwa mchawi.

Mradi wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Chemchemi iko bondeni. Pampu inayotumia nguvu za jua iyasukume maji hadi kwenye tangi juu kabisa ya kilima, na kutoka kwenye tangi maji yashuke yenyewe hadi kwenye bomba za mtaa wa juu na mtaa wa chini. Kitabu cha masharti kilisema wazi: mita za ujazo kumi na nane kwa saa, kwa kimo cha mita mia moja arobaini na mbili. Mita mia moja ishirini na moja ni kilima chenyewe, zilizobaki ni nguvu inayoliwa na msuguano ndani ya bomba. Hizo namba mbili huenda pamoja. Pampu inatakiwa kuzitoa zote kwa wakati mmoja, si moja leo na nyingine kesho.

Yule kijana akaleta barua ya kuomba kubadilisha. Pampu iliyotakiwa, alisema, haipatikani. Amepata nyingine "bora zaidi". Akaambatanisha ukurasa wa matangazo wenye picha ya pampu inayong'aa, na chini yake maneno: maji hadi mita thelathini za ujazo kwa saa, kimo hadi mita mia moja na hamsini. Kwa mkono wake akaandika pembeni kwamba namba zote mbili zinapita zetu.

Niliposoma nilicheka peke yangu ofisini hadi mwenzangu akauliza kama niko salama. Mita mia na hamsini ni kimo ambacho pampu ile hufika ikiwa haitoi hata tone. Mita thelathini za ujazo ni maji inayotoa ikiwa haipandishi popote. Ni sawa na kumsifu mtu kwamba anakimbia sana na anabeba gunia la maharage, bila kuuliza kama anakimbia akiwa nalo gunia mgongoni.

Nilimwandikia mtengenezaji mwenyewe aniletee mchoro wa pampu, ule mstari unaoonyesha jinsi kimo kinavyoshuka kadiri maji yanavyoongezeka. Ukafika. Nikaandika jibu langu kwa Kifaransa cha ofisi, fupi, lisilo na tabasamu. Kwa mita za ujazo kumi na nane, pampu mliyoleta inafikisha mita tisini na sita tu. Zinapungua arobaini na sita. Ikifungwa kwenye bomba letu itatoa karibu mita kumi na moja za ujazo kwa saa, na kwa kuwa jua ndilo linaloiendesha, hamwezi kuiongezea saa za kazi mpaka mseme na Mungu. Hilo la Mungu nililifuta kabla ya kutuma. Pendekezo limekataliwa. Leteni pampu iliyoandikwa kwenye kitabu cha masharti, au nyingine ambayo mchoro wake unafika pale panapotakiwa.

Kijana hakujibu kwa hesabu. Alijibu kwa sherehe. Aliipeleka pampu yake kwenye chemchemi, akaiunganisha na kipande kifupi cha bomba kilichoachwa wazi, akaalika watu. Nilifika nikakuta maji yanaruka bondeni, watoto wameloa, akina mama wanapiga vigelegele, na rais wa kamati ya maji, baba mwenye duka mtaa wa chini, amesimama kifua mbele utadhani ameyazaa yale maji.

"Mama injenieri, ona mwenyewe," akaniambia. "Hii pompe iko na nguvu kabisa. Weye unakatala nini?"

"Papa, hapa inamwanga maji chini tu. Haijapanda kitu. Tuipeleke kule juu njo tuone."

Akanitazama kwa huruma. "Weye ni mutu wa Walikale. Kwenu kule pori, mvua ikinyesha munakinga sahani. Maji ya milima hauijue."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu utani wa kabila na nchi ukiukasirikia umekwisha. Lakini moyoni nilichemka. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile nilikuwa na madebe mawili mbele yangu, moja limevaa miwani.

Nilimwomba kijana aweke koki na kipima-nguvu kwenye lile bomba. Nikaifunga koki kidogo kidogo hadi mshale ukaonyesha nguvu ya kupandisha mita mia moja arobaini na mbili. Yale maji yaliyokuwa yakiruka yakalegea, yakawa yanamwagikia miguuni petu kwa aibu. Vigelegele vikanyamaza. Kijana akasema koki ni mbovu.

Nilidhani yamekwisha. Sikumjua. Baada ya siku chache ilikuja barua ya pili, na hiyo, nakiri, hesabu zake zilikuwa sahihi kabisa. Alipendekeza tangi lishushwe. Badala ya kujengwa juu ya kilima, lijengwe mita arobaini chini yake. Hapo kilima kinabaki mita themanini na moja, msuguano kumi na tano kwa kuwa bomba limefupika, jumla tisini na sita, na maji ni yale yale kumi na nane. Pampu imefika panapotakiwa! Kwa kuwa pampu haikuweza kupanda kilima, alikuwa amekishusha kilima. Na katika barua yote, kurasa tatu, hakukuwa na sentensi moja kuhusu mtaa wa juu, ambao sasa ungekuwa juu ya tangi, na maji hayapandi mlima kwa kubembelezwa.

Kamati ilikuwa imeshakubali na kutia sahihi. Wanaume wote wa kamati walitoka mtaa wa chini, kwenye soko na barabara, na waliahidiwa maji kabla ya mavuno ya maharage. Mkuu wangu wa Goma naye akaniambia kwa simu kwamba ikiwa wenyeji wenyewe wanataka, sisi ni nani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yeye bomba lake liko jikoni. Nikamwambia nitajibu barua, lakini jibu lisomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi ya kamati ile kwa kila karatasi. Akakubali ili nimwache ale.

Mkutano ulifanyika ndani ya kanisa. Mtaa wa juu ulishuka, wengi wao wanawake, na mbele yao mkunga wa maternite, mama mnene wa makamo mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Maternite, nyumba ya kuzalishia, iko mtaa wa juu. Nilikuwa nimelala kwake mara mbili barabara ilipokatika, na nilikuwa nimeona sheria yake imeandikwa kwa chaki mlangoni: kila mwanamke anayekuja kuzaa aje na bidoni, yaani dumu moja la maji. Hakuna bidoni, hakuna maji ya kumwoshea mtoto. Wanawake walipanda na mimba na uchungu, na dada au mama mkwe nyuma na lita ishirini mgongoni.

Nikasoma. Kubadilisha mahali pa tangi si kubadilisha pampu. Ni kubadilisha mradi. Pampu ndiyo inayochaguliwa kwa kilima, kilima hakichaguliwi kwa pampu. Tangi likishuka, bomba za mtaa wa juu na maternite hazitapata maji. Pendekezo la pili limekataliwa, na la kwanza linabaki limekataliwa.

Rais akasimama. Akasema pampu nyingine itachukua miezi, na watu wa juu wamezoea, wana miguu ya mbuzi. Wangoje awamu ya pili. Awamu ya pili! Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijawahi kukutana nayo.

Mkunga hakuomba ruhusa ya kusema.

"Papa Prezida," akasema, "bibi yako iko na mimba ya myezi ngapi?"

Rais akaangalia pembeni.

"Unaogopa kusema? Mi najua, mi njo namupima. Na weye pale, na weye kwenye dirisha, batoto benu bote bamepita mu mikono yangu. Na maji ya kubaosha ilipandishwa na bamama. Sasa musikie. Kuanzia leo, muke wa mutaa ya chini akikuja kuzaa kwangu, bidoni ataileta bwana wake. Mwenyewe. Ku mugongo. Dada yake nitamurudisha, mama mukwe nitamurudisha."

Mzee mmoja akaguna kwamba mwanamume habebi maji, hiyo ni kutukana watu.

"Basi azalie ku duka," akasema mkunga, akaketi.

Wanawake wa mtaa wa juu walicheka kwanza, halafu, jambo ambalo rais hakulitarajia, wakacheka wanawake wa mtaa wa chini. Mkewe alikuwa kati yao, na alicheka akiwa ameshika tumbo. Sijawahi kufurahi hivyo ndani ya kanisa. Kamati ilifuta sahihi zake palepale, na yule kijana akaambiwa alete pampu inayotakiwa. Alivua miwani kuifuta, na nikaona kwamba macho yake ni ya mtu wa kawaida tu aliyezoea barua zake kutosomwa hadi mwisho.

Pampu ile ya kweli ilichukua miezi, hilo rais hakukosea. Nilikuwa njiani chini kidogo ya maternite na mafundi, tunapima mtaro wa bomba, nilipomwona anapanda. Mkewe alitangulia, akisimama kila uchungu ulipomkamata, dada yake akimshika mkono. Nyuma yao alikuja yeye, katika koti lake la kanisani, na bidoni ya njano mgongoni iliyofungwa kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mama zetu. Alikuwa ameifunga vibaya na maji yalikuwa yakimwagikia shingoni. Mafundi waliacha kazi. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwake.

Alipofika usawa wangu alisimama kuvuta pumzi. Nilidhani atanitukana. Aliligeukia bonde. Chemchemi haikuonekana kutoka pale.

"Mama injenieri," akasema, "ulisema ni mita ngapi?"

"Mia moja ishirini na moja, Papa."

"Ni mingi," akasema, akaendelea kupanda.