Swali Moja Chini ya Taulo la Kijani

Wifi yangu anapiga pasi nguo za hospitali. Shuka, mapazia, makoti ya madaktari, vyote vinapita mikononi mwake, na kwa sababu hiyo hata sisi nyumbani tunamwita Pasi. Ni dada mdogo wa mume wangu. Nilipoolewa nilimkuta hapa kwa mama yao, katika chumba cha kwanza ukiingia mlangoni, na ukutani kwake kulikuwa na ratiba.

Ratiba ile ilikuwa nzuri, nasema kweli. Aliichora kwa kalamu za rangi: Jumatatu biolojia, Jumanne hesabu, saa mbili kamili usiku mpaka saa nne. Alikuwa amefeli mtihani wa sekondari wa watu wazima mara mbili, na ratiba ilikuwa mpya kila mara. Mama mkwe alikuwa akipita mlangoni anaitazama, anasema, "Karatasi imesoma, bado mwenyewe."

Pasi alikuwa anacheka, lakini nilimwona akicheka huku anakunja vidole. Msimamizi wa wauguzi alikuwa amemwambia kwamba akifaulu biolojia na hesabu atapeleka jina lake kwenye mafunzo ya wauguzi wasaidizi. Ila mafunzo yale hayachukui mtu aliyetimiza miaka thelathini, na Pasi alikuwa na ishirini na tisa. Mtihani uliobaki ulikuwa mmoja tu. Baada ya huo, ni pasi mpaka uzee.

Tatizo lake si akili. Tatizo ni kwamba saa mbili ilikuwa inafika akiwa anakula, au anaongea na jirani, au amelala na viatu. Anasema, "Basi nitaanza saa tatu." Saa tatu anasema, "Kesho nitafidia." Mimi niliishia darasa la saba, sikuwa na la kumfundisha, lakini nilikuwa nahesabu hizo kesho zake kimyakimya.

Siku moja alirudi kutoka darasa la jioni hana kitabu mkononi, ana kikaratasi tu.

"Wifi, mwalimu wetu leo kanivua nguo mbele za watu," akaniambia. "Kauliza nani ana ratiba. Nikanyoosha mkono, najiona mjanja. Akasema, 'Na hiyo saa mbili ikifika, nani anakushika mkono?' Mkono nikaushusha."

"Kwa hiyo ratiba ni mbaya?"

"Anasema saa inapita bila kukuaga. Anataka tutafute jambo ambalo tayari tunalifanya kila siku bila kukumbushwa na mtu, halafu tufunge kusoma nyuma yake palepale. Tena kusoma kudogo kwanza, hata swali moja, mpaka mwili uzoee njia. Halafu tuandike: jambo fulani likitokea, nitafanya hivi, mahali hapa."

Kwa siku tatu alijichunguza kama anamchunguza mtu mwingine. Akagundua kwamba akitoka kazini anafanya mambo yaleyale. Anavua viatu nje ya mlango. Ananawa mpaka kwenye viwiko, maana nguo za wagonjwa si mchezo, anajifuta kwa taulo la kijani linaloning'inia kwenye msumari barazani. Kisha anamchukua binti yangu wa mwaka na nusu, anambusu shingoni, na mtoto anaanza kulia anataka ziwa. Ananirudishia. Mimi nakaa kwenye mkeka kunyonyesha.

Akaandika: "Mtoto akishika ziwa, nitakaa kwenye mkeka karibu na wifi na kufanya swali moja la biolojia."

Nilicheka mpaka mtoto akaachia. "Yaani titi langu ndiyo kengele yako ya shule?"

"Wewe nyonyesha tu, mwalimu mkuu."

Tukaanza. Mkono mmoja nimeshika mtoto, wa pili nimeshika kitabu upande wa majibu. Nilikuwa nasoma polepole, maneno mengine nayagongagonga. "Taja sifa tatu za ma-ma-li-a."

Pasi akamtazama mwanangu. "Ya kwanza hiyo hapo, inafanyika mbele ya macho yangu. Ya pili, nywele mwilini. Ya tatu, joto la mwili halifuati hali ya hewa."

Swali moja lilikuwa linazaa la pili, maana ukishakaa na kitabu kipo wazi, kuinuka ndiyo kazi. Siku nyingine likabaki moja kweli, akafunga kitabu, wala hakujilaumu. Wiki zikapita. Nikaona jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona: mtoto akilia tu, kabla hata sijakaa, mkono wa Pasi ulikuwa unaenda kwenye rafu peke yake. Mama mkwe naye akabadilisha wimbo. "Mtoto ananyonya maziwa, shangazi ananyonya kitabu. Nyumba hii wenye njaa ni wawili." Ratiba ya rangi ikadondoka ukutani, hakuna aliyeiokota mpaka nilipofagia.

Mwanangu alipofika mwaka na miezi kumi, nilimwachisha ziwa. Jioni ndiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa hiyo mama mkwe alikuwa anamchukua chumbani kwake kabla Pasi hajarudi, anamlisha na kumchezesha asinione wala asinisikie. Mimi nilikuwa nakaa jikoni, kifua kinauma, namsikia mtoto akiniita. Nilikuwa na yangu ya kufikiria. Ndiyo maana nilichelewa kuona.

Siku ya tisa, nilichukua kitabu cha biolojia kwenye rafu nipanguse vumbi, nikakuta vumbi lipo kweli. Vidole vyangu vilibaki vimechorwa kwenye jalada. Mtihani ulikuwa umebaki wiki saba.

Pasi aliporudi nilimwonyesha kitabu. Hakukasirika. Alikaa kwenye kitanda chake na uchovu wote wa duniani.

"Unaona, wifi? Mimi ni mvivu wa kuzaliwa. Nilijua itafika hapa. Mara tatu sasa. Waache wampe nafasi mwenye akili zake."

Sikumbembeleza. Nilikuwa namkumbuka kwenye mkeka, miezi mitatu mfululizo, hata siku aliyorudi na mkono umeungua kwa mvuke. Mvivu hafanyi vile.

"Jana ulipoingia, ulifanya nini?" nikamwuliza.

"Nilivua viatu, nikanawa, nikajifuta, nikaingia..." Akasita. "Nikasimama hapo katikati. Kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha nikaenda kukaa."

"Ulikuwa unamtafuta mtoto."

Akanitazama.

"Kengele imeng'olewa, wifi," nikasema. "Nimeing'oa mimi. Wewe hujaacha kusoma. Hakuna aliyekuita."

Alikivuta kitabu, akakipakata. Halafu akasema, nusu mzaha, nusu ombi, "Sasa si umrudishie ziwa wiki saba tu?"

Nasema ukweli wangu: niliwahi kulifikiria kabla yake, kule jikoni. Lakini mtoto alikuwa ameanza kulala usiku mzima. "Unataka nimnyonyeshe mpaka aolewe?" nikamjibu, na tukacheka wote wawili, yeye huku anafuta machozi.

Tulipoacha kucheka tukafanya alichofundishwa na mwalimu, ila safari hii tulikuwa na macho zaidi. Kosa letu lilikuwa kusimamisha kusoma kwake juu ya mwili wa mtu mwingine, tena mtu anayekua kila siku. Tulitaka jambo lake mwenyewe. Viatu? Siku za mvua anavulia ndani, mahali hapaeleweki. Kunawa? Kunawa hakujawahi kukosa, hata siku aliyorudi na homa. Na kunawa kuna mwisho unaoonekana: kujifuta kwa taulo.

Akaandika kwenye kikaratasi kipya: "Nikisharudisha taulo kwenye msumari, nitakaa kwenye kigoda kilicho chini yake na kufanya swali moja kabla sijaingia ndani."

Nikaweka kigoda pale. Kitabu na kalamu tukavitia kwenye mfuko wa nailoni, tukautundika kwenye msumari uleule, mbele ya taulo, ili asipate taulo bila kugusa kitabu.

"Na mama akiniita?" akauliza. Tulimjua mama. Akisikia mtu ananawa tu, ana la kukutuma.

"Andika na hilo."

"Mama akiniita kabla sijamaliza, nitajibu, 'Naja na swali moja, mama,' halafu nitamaliza." Akaongeza mwenyewe: "Nikirudi kutoka zamu ndefu, nitasoma swali moja kwa sauti nikiwa nimesimama, basi." Kisha akauma kalamu. "Na siku ya mapumziko? Siku hiyo sirudi kutoka popote."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Tukakubaliana kwamba siku za mapumziko, akimaliza kuosha vyombo vya mchana atajifutia taulo lilelile, pale pale.

Usidhani mambo yalinyooka. Siku ya kwanza aliondoa mfuko, akajifuta, akaurudisha, akaingia ndani kama hajaona kitu. Nikakohoa jikoni. Akarudi nyuma. Siku ya nne akakosa kabisa, kulikuwa na mgeni. Nikaogopa atasema ile ya kuzaliwa mvivu. Kesho yake alijifuta, akakaa. Alisema mwalimu kawaambia siku moja iliyopotea haibomoi njia, mradi uikanyage tena inayofuata.

Mama alijaribu. "Wewe Pasi! Njoo unishikie huyu!"

"Naja na swali moja, mama!"

"Swali gani tena? Uliza huku huku!"

"La ateri! Kwa nini ukuta wake ni mnene kuliko wa vena?"

Ikaja sauti ya mama, ya heshima kidogo: "Maliza basi."

Ni kwa sababu damu inatoka kwenye moyo kwa msukumo mkubwa. Nakumbuka mpaka leo, na hakuna aliyenitahini.

Kwenye wiki ya tano sikuwa nakohoa tena. Maji yalikuwa yanamwagika, msumari unalia kidogo, kigoda kinaburuzwa, ukurasa unafunguka. Nilikuwa nayasikia yote kwa mfuatano huo nikiwa nakatakata mboga, bila kugeuka.

Siku ya mtihani alikwenda na taulo ndani ya mkoba. Aliniambia baadaye kwamba alipofika tu alikwenda bombani, akanawa mpaka kwenye viwiko kama kichaa, akajifuta, akaingia kukaa. "Nilipokaa tu, kichwa kikajua tunafanya nini."

Alifaulu biolojia vizuri. Hesabu aliponea chupuchupu, lakini kuponea ni kupona. Jina lilipelekwa miezi miwili kabla hajatimiza thelathini. Sasa yuko bweni la chuo. Wiki ya kwanza alinipigia simu, analalamika kwamba hajafungua daftari hata mara moja. Nilimwuliza tu taulo liko wapi. Lilikuwa bado kwenye sanduku.

"Nimeelewa, mwalimu mkuu," akasema, akakata simu.

Huku kwetu msumari umebaki mtupu. Kitabu cha biolojia kipo kwenye rafu. Nikikaa kwenye mkeka jioni, binti yangu hatafuti tena kifua changu. Anakwenda kwenye rafu, anakivuta kwa mikono miwili, ananiletea, anakaa mapajani na kungoja. Na mimi, nifanyeje, nafungua. Swali moja.