Swali Moja kwa Alhamisi

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, pale Kisauni, nilipewa watoto hamsini na wawili wa gredi ya kwanza. Mimi mtu wa bara, Kiswahili changu cha vitabuni, na hasira zangu haziko mbali. Nikifungua mdomo, watoto wanacheka.

Darasa la jirani lilikuwa la mama mmoja wa Kimvita, mwalimu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Watoto wake walijua kusoma. Basi nikamganda kama kupe. Mapumziko nipo, chakula cha mchana nipo, jioni namtumia jumbe za sauti kwenye simu, saba, nane, bila haya.

Siku moja nilimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," nikaunganisha na swali hapo hapo. Akaitikia marahaba, akaweka chaki chini.

"Mwanangu, wewe huniulizi, wanitwika. Njoo Alhamisi baada ya masomo, na swali moja. Lakini kwanza uniambie umejaribu nini."

Niliona aibu, nikanuna siku mbili. Kisha nikanunua daftari. Ajabu ni kwamba maswali mengi yalijijibu kabla ya Alhamisi kufika. Yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa maswali.

Nilimpelekea la mtoto aliyeghani ukurasa mzima, kumbe hajui hata neno moja. Nikamweleza nilivyoziba picha za ukurasa, na mtoto akaendelea tu.

"Umeziba picha, hukuziba kichwa chake," akasema. "Mwoneshe neno la katikati ya mstari, peke yake. Likimshinda, rudi kwenye silabi za jina lake mwenyewe."

Mtoto yule alisoma kabla ya muhula kwisha. Nililia chooni, sisemi uongo.

Alipostaafu aliniambia nyumbani kwake si mbali, Alhamisi bado ni zangu. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili alinifungulia mlango ameshika ukuta, magoti yanamsumbua, na bado akaenda kunitengenezea chai mwenyewe. Nikajiambia: mwache mama wa watu apumzike. Umemchosha vya kutosha. Sikurudi. Maswali niliendelea kuyaandika, na nilijisifu kwamba sasa nimekuwa na adabu.

Ilipita karibu miezi minane. Nikapata habari kwamba amefariki na ameshazikwa. Nikaenda kumpa binti yake pole, nikamwambia nilifundisha naye.

Binti alinitazama sana.

"Kumbe ndiwe wewe," akasema. "Mama kila Alhamisi akivaa vizuri akakaa barazani. Akiniuliza, 'Yule wa bara hajapata swali?' Nikimwambia ampigie simu, akikataa. Akisema wewe una kazi nyingi, hataki kukuchosha."

Nilikuwa na maswali kumi na manne kwenye daftari, na yote nilitamani kumuuliza yeye.