Namba za Cicily

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne. Cicily aliamka kabla yangu, akabaki amelala chali vile alizoea. Akatoa mkono wa kushoto nje ya blanketi, akauweka kifuani mwangu.

"Baba Kinya, hesabu."

Nikachukua saa yake ndogo kutoka kwa msumari. Nikamshika chini ya kiganja. Mshale mwembamba ukazunguka mara moja.

"Sitini na mbili," nikasema.

Nilikuwa sijahesabu.

Cicily alizaliwa Mbeere, upande wa Kiambere, kwa watu wa mbuzi na mtama. Nilimwoa mwaka ule kahawa iliangushwa na baridi, nikamleta hapa Ruiri, kwetu Meru. Alikuwa mfupi, mwenye kucheka kwa pua. Miaka kumi na minne alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alitembea nyumba kwa nyumba na mkoba wa bluu, anapima watoto unene wa mkono, anauliza akina mama kama wamemaliza dawa. Watu walimficha pombe na kumwonyesha choo.

Huko kwa mafunzo ndiko alijifunza kuhesabu moyo. Alinunua kitabu cha kurasa mia mbili akaanza na wake. Kila asubuhi, kabla ya kuinuka, kabla ya chai, dakika nzima. Sitini na mbili. Sitini na nne. Sitini na moja. Wakati wa malaria ilipanda hadi themanini na nane, ikashuka akipona. Miaka kumi na mmoja aliandika hivyo.

"Ya siku moja haina maana," alikuwa akiniambia. "Mimi naangalia njia yake, vile inaenda mwaka hadi mwaka."

Kisha macho yakaingia ukungu. Mkoba wa bluu akampa Joyline, msichana wa jirani aliyechaguliwa baada yake. Mshale wa saa hakuuona tena. Ndipo akanipa mkono wake.

Sikusoma. Namba nilizijua kwa mizani ya maziwa, na kuziandika naweza. Lakini kwetu kuna kitu. Baba yangu hakuhesabu mbuzi. Jioni aliwaita kwa majina, na asiyeitikia ndiye alikuwa amepotea. Mama aliulizwa ana watoto wangapi akasema, "Wapo." Kilicho hai ukikihesabu, umekionyesha kwa kile kinachochukua. Mimi ni mtu wa kanisa, nimebatizwa, lakini nilipomshika Cicily siku ya kwanza nikaanza moja, mbili, tatu, nikasikia ni kama ninahesabu zilizobaki. Nikafika ishirini. Sikuendelea.

"Ngapi?" akauliza.

"Sitini na tatu."

Nilimwambia siku nyingine kwamba kuhesabu mtu ni vibaya. Akacheka kwa pua.

"Nyinyi watu wa Meru. Miraa mnahesabu kibunda kwa kibunda kabla gari ya mji wa Maua haijawashwa. Mke ndiye anawashinda?"

Kwa hivyo nikatafuta njia. Nilifungua kurasa za zamani, zile alizoandika akiwa na macho, nikazinakili. Sitini na mbili, sitini na nne, sitini na moja. Zilifanana na yeye. Nilizisema kwa sauti, nikaziandika, akaridhika. Miaka miwili.

Lakini mkono haukunakili. Nilikuwa ninaushika, na vidole vinasikia hata ukikataa kuhesabu. Mwaka wa kwanza ulipiga kama mtu anayetembea. Mwaka wa pili ukapiga kama mwana-mbuzi ukimshika kifua. Amelala tu, hajafanya kazi yoyote, na ndani kuna mtu anakimbia.

"Leo ni kama unaenda mbio," alisema asubuhi moja.

"Sitini na moja."

Akanigeuzia yale macho meupe, akaniangalia kwa muda mrefu, kama anaona.

Kisha alianza kusimama langoni kupumua kabla ya kuingia. Viatu vikambana jioni. Joyline akamwambia aende kituo, tukaenda. Daktari, kijana anaitwa Mutugi, akamfunga ile mashine mkononi. Presha haikuwa mbaya. Mapigo tisini na nane. Akamkalisha dakika tano, akarudia. Tisini na sita.

"Mama, unaogopa hospitali?"

"Mimi nimekaa hospitali kuliko wewe," Cicily akasema. Akampa kitabu. "Angalia nyumbani."

Mutugi akafungua kurasa za mwisho. Nje watu walikuwa wamejaa benchi. Akapitisha kidole chini, chini.

"Sitini na mbili. Sitini na nne. Hii ni nzuri sana. Basi ya leo ni ya hofu, na safari. Hata tisini na sita haijapita mia. Kuna kitu kingine kinakusumbua?"

Nilingoja Cicily aseme ya langoni. Nilingoja aseme ya viatu.

"Ni uzee," Cicily akasema. "Moyo uko sawa, kitabu kinasema."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na kofia mkononi. Maneno yalikuwa mawili tu. Sijahesabu, nimedanganya. Nikavaa kofia.

Hiyo ilikuwa wiki tatu kabla ya ile Jumanne.

Jumatano niliamka mimi wa kwanza. Mkono wake ulikuwa tayari kifuani mwangu. Sijui aliuweka saa ngapi. Ulikuwa baridi, lakini asubuhi za Ruiri ni baridi. Nikaushika kwa nguvu, na ukapiga. Ulipiga wazi, polepole, vizuri kuliko miaka miwili yote. Na siku hiyo nilihesabu. Nilihesabu kila moja hadi mshale ukazunguka. Sitini na nane. Nikamwambia, "Cicily, imeshuka." Nikarudia kuhesabu. Nilimfunika, nikamwendea Joyline, nikamwambia Mama Kinya hataki kuamka lakini moyo ni mzuri.

Joyline aliingia, akamgusa shingo, akatoka nje akakaa kwa ngazi.

"Mzee, ulimshika na kidole gani?"

Nikamwonyesha. Gumba.

"Gumba lina mapigo yake," akasema. "Hayo yalikuwa yako."

Baada ya mazishi nilimpa Joyline kitabu, nikamwambia yote. Nilimuuliza kama ni namba ilimuua.

"Namba haiui," Joyline akasema. "Na ya siku moja ni kitu kidogo, hata chai inaipandisha. Lakini ikitoka sitini polepole hadi tisini na haishuki, inabisha mlango. Haisemi ni nani yuko nje. Unafungua uangalie. Pengine ni damu imepungua, pengine tezi ya shingo, pengine moyo umechoka."

"Angepona?"

"Sijui, mzee. Kuna mtu ana sitini na anaanguka shambani. Kuna mwingine ana tisini na anazika wenzake. Lakini daktari angetafuta, na miguu yake angeikagua."

Akafunga kitabu, akanirudishia. Afadhali angenitukana.

Sasa kila asubuhi najihesabu, kwa vidole viwili, dakika nzima, naandika iliyo kweli. Siku zingine, nikiwa nimelala chali, nasikia upande wake wa kitanda unapiga kwa haraka, haraka kuliko wangu. Huo sijauhesabu. Nafikiri unangoja nianze.

Ile Jumanne, niliposema sitini na mbili, hakuvuta mkono wake. Alikuwa amefundisha wengi kuhesabu mapigo, na alijua mkono wa mtu anayehesabu na wa asiyehesabu. Alinipapasa vidole kimoja kimoja, akafika kwa gumba, akaliondoa polepole.

"Toa gumba, Baba Kinya. Ukinishika nalo utajisikia wewe mwenyewe, halafu useme ni mimi."