Nusu na Theluthi Ubaoni

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa hisabati, chuoni Lubumbashi, na asubuhi ile mabati ya ukumbi wetu yalikuwa yameshaanza kutoa joto. Asistani wetu wa mazoezi, mama mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliandika swali juu ya ubao: onyesha kwamba 1/x inakaribia 1/a kila x inapokaribia a, a yoyote isiyo sifuri. Kisha akaugawa ubao kwa mstari mmoja wa chaki.

"Babili baje ku tableau," akasema. "Kila mumoja na upande wake. Hakuna kuchungulia!"

Akaniita mimi upande wa kushoto. Kulia akamwita kijana mmoja mrefu kutoka Mitwaba, ambaye mpaka siku ile tulikuwa tunapeana salamu tu.

Nilianza kama tulivyofundishwa. Mtu anakupa ε, kosa dogo kadiri apendavyo. Wewe umjibu kwa δ: x ikiwa karibu na a kuliko δ, basi 1/x isiachane na 1/a kufikia ile ε. Nikatoa 1/a kwenye 1/x, nikapata |x−a| juu na |x||a| chini. Ya juu haikunisumbua, maana δ ndiyo inayoishika. Ya chini ndiyo iliyonitoa jasho. x ikiteleza karibu na sifuri, 1/x inapaa juu bila kipimo. Na siwezi kuitumia x kuipima δ, kwa sababu δ inachaguliwa kwanza, x inakuja nyuma.

Dawa ni kuizuia x mapema. Nikaandika: δ isizidi |a|/2. Hapo x haina namna ya kuisogelea sifuri. |x| inabaki kubwa kuliko |a|/2, na tofauti yote inakuwa ndogo kuliko 2|x−a|/a². Nikamaliza: δ ni ndogo kati ya |a|/2 na εa²/2. Nikaweka chaki chini kama mtu aliyeshinda mechi.

Nyuma yangu ukumbi ulikuwa unavuma. Nikageuka kutazama kulia. Yule wa Mitwaba alikuwa ameandika: δ ni ndogo kati ya |a|/3 na 2εa²/3.

"Demi!" wakapiga kelele wa mbele, wakishikilia nusu yangu.

"Tiers!" wakajibu wa nyuma, wakipigia meza theluthi yake.

"Asistani, mumwambie afute," nikasema. "Mu kitabu iko nusu."

"Mi sikufuate kitabu," akajibu yule wa Mitwaba taratibu. "Nilitafuta tu fasi ya kuzuia x isikaribie zero."

Asistani akacheka. "Sawa. Kila mumoja asahihishe ya mwenzake. Mutu akiona kosa, aniite."

Nikahamia kulia na hamu kubwa ya kumkamata. Nikashuka mstari kwa mstari. δ haizidi |a|/3, kwa hiyo |x| ni kubwa kuliko 2|a|/3. Tofauti ni ndogo kuliko 3|x−a|/(2a²). Ukiweka 2εa²/3 yake, inabaki chini ya ε, safi kabisa. Nikarudia tena, nikakosa hata alama ya kulalamikia.

"Yake iko bien," akasema yule wa Mitwaba kabla yangu, akinyooshea upande wangu, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

"Na yake pia," nikasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza.

"Bote babili bana raison," akasema Asistani, akitupa haki sote. "Sasa, nikiweka |a| yenyewe, bila kuikata?"

"Itaenda!" akajibu mmoja wa nyuma. "x haitagusa zero!"

Tukatazamana, mimi na mwenzangu. Yeye akaandika a = 1. Mimi nikaandika x = 0.001, kwa kuwa umbali wake na 1 bado ni mdogo kuliko 1. Yeye akamalizia: 1/x = 1000.

"Na nikiweka zero zaidi?" nikauliza ukumbi.

"Inapanda!" wakaitika wote.

Sifuri haiguswi, kweli, lakini x inaikaribia inavyotaka, na hakuna kinachoizuia 1/x kupaa. Kipande chochote cha |a| kinafaa, mradi kiwe chini ya |a| nzima na tukiamue kabla. Sikuwahi kudhani kuthibitisha kunaweza kuwa na nafasi kubwa hivyo. Nilirudi kwenye kiti changu nikitabasamu peke yangu.

Tulipotoka, mimi na mwenzangu tulinunua maandazi ya moto kwa mama mmoja kando ya lango, tukaanza kuandika juu ya karatasi aliyotufungia. Tukajaribu robo, kisha tisa juu ya kumi, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake kalamu.

"Batoto, munagombania nini?" akauliza yule mama.

"Hatugombane, mama," akajibu yule wa Mitwaba, mdomo umejaa andazi. "Tunachagua tu."