Barua ya Fremu ya Kona

Kwa miaka kumi na tisa Edilma Buriticá aliuza mabuti ya mpira katika fremu ya kona, mtaa wa kanisa pale Salamina, mji wa kahawa nchini Kolombia, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusema anakwenda kwa Edilma. Watu walikwenda kwa Gildardo. Don Gildardo mwenyewe, mwenye duka, alishinda mkahawani akicheza karata, ila jina lilikuwa lake. Hata Edilma alipoulizwa anafanya kazi wapi alijibu hivyo hivyo: kwa Gildardo.

Mwaka huo magoti yalimshinda mzee, akahamia Manizales kwa binti yake. Kiinua mgongo cha Edilma hakuwa nacho taslimu, wakakubaliana amwachie mali: mabuti jozi mia tatu na kumi, pamoja na vikapu vya kuchumia kahawa. Mali ikawa ya Edilma, lakini fremu ilikuwa ya Doña Fabiola Hoyos, mjane mwenye shamba la kahawa ng'ambo ya mto. Huyo alishatangaza bei: peso milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Wakala mmoja wa bahati nasibu alikuwa amechungulia dirishani mara mbili. Doña Fabiola alimpa Edilma mpaka Jumamosi alete barua yenye masharti yake. Akikosa fremu, mabuti yote yangeishia chini ya kitanda, na yeye ana miaka hamsini na mmoja. Nani angemwajiri?

Mwezi mmoja nyuma alikuwa amesoma darasa la mpango wa biashara kwenye chama cha wafanyabiashara. Mwalimu alifundisha kwamba kodi ya duka isizidi sehemu moja ya kumi ya mauzo. Edilma alijaza fomu, akakuta kisanduku kimoja tu cha mauzo ya mwezi, akachukua mauzo ya mwaka mzima, milioni mia moja na nane, akagawa kwa kumi na mbili. Ikatoka milioni tisa. Basi kodi laki tisa. Barua yake ilieleza hivyo kwa mwandiko mzuri: mkataba wa miaka mitatu, kodi laki tisa kila tarehe tano, nyongeza ya kila mwaka isizidi kupanda kwa bei kunakotangazwa na serikali, paa litengenezwe na mwenye nyumba, na mdhamini awe Arcángel Giraldo, mwoka mikate, mwenye nyumba yake yenye hati. Jumatano akaipeleka.

Doña Fabiola alikuwa barazani akimenya maharage. Aliisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Mwanangu, hii barua inasema uongo."

Edilma alihisi masikio yanawaka. "Doña Fabiola, hesabu zote zimo humo. Mauzo milioni tisa kwa mwezi."

"Mwezi gani?"

"Kila mwezi. Ni wastani."

"Mwezi wa Sita unauza milioni tisa? Katika mji huu? Mwezi wa Sita hapa watu wanakopa hata chumvi!" Akamrudishia karatasi. "Gildardo naye aliniahidi kodi sawasawa kila mwezi. Na kila Juni alikuja na hadithi. Mara mke mgonjwa, mara mzigo umekwama. Mwaka jana hadithi zilifika tatu. Nenda ukaniletee barua ya mtu mzima."

Njiani Edilma alitaka kulia, akajizuia kwa sababu mji ni mdogo. Kilichomuuma si kukemewa. Kilichomuuma ni kwamba alijua. Nani angejua kuliko yeye? Daftari za mauzo za miaka kumi na tisa ziliandikwa kwa mkono wake. Kuanzia Septemba mpaka Desemba wachumaji wanashuka na mshahara wa Jumamosi, buti zinatoka mpaka zile za saizi mbaya. Januari ikiingia, duka linapoa. Mtoto wa mji wa kahawa, halafu kaja mtu na fomu ya kisanduku kimoja, na yeye akayakata mavuno vipande kumi na viwili kama keki.

Mchana huo alizibeba daftari mpaka kwa Arcángel, ambaye waliitana comadre na compadre kama marafiki wa siku nyingi. Arcángel alimpa arepa, mkate wa mahindi, ya moto na kikombe cha kahawa, akakaa na unga mikononi.

"Comadre, kwani mimi nimedhamini laki tisa za Juni?" aliuliza. "Siku Fabiola akinidai nyumba yangu, nahamia chini ya kitanda chako na hayo mabuti."

"Kaa kimya, compadre, unanipotezea hesabu."

Hesabu ilitoka wazi. Miezi minne ya mavuno, milioni kumi na tano kila mmoja. Miezi minane iliyobaki, milioni sita. Katika milioni sita, kununua mali kunakula milioni nne na laki mbili, umeme na usafiri laki mbili. Inabaki milioni moja na laki sita. Akilipa kodi laki tisa, yeye anabakiwa na laki saba. Akilipa milioni moja na laki mbili anayotaka mjane, anabakiwa na laki nne, na mtu haishi kwa laki nne. Angeanza na hadithi. Alijiona amesimama barazani mwezi wa Sita, akisema mzigo umekwama, na aliona aibu kwa jambo ambalo hata halijatokea.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Januari mpaka Agosti, laki sita kwa mwezi. Septemba mpaka Desemba, milioni moja na nusu. Jumla ya mwaka ni ile ile ya barua ya kwanza, milioni kumi na laki nane, na kila mwezi kodi ni sehemu moja ya kumi ya mauzo ya mwezi ule. Masharti mengine hayakubadilika. Aliining'iniza kalamu kidogo, kisha akaandika sentensi ambayo mwalimu asingeipenda: "Mwezi wa Sita ni mbaya, na ninakuambia tangu leo."

Jumamosi Doña Fabiola aliisoma polepole zaidi.

"Wakati wa mavuno nina kahawa yangu," alisema. "Pesa ninayoihitaji ni ya Juni. Na wewe unaniletea laki sita."

"Ndiyo, Doña Fabiola."

"Yule wa bahati nasibu anatoa milioni na laki mbili."

"Ana mdhamini?"

Mjane alitikisa kichwa. "Hana. Na anataka mwaka mmoja tu." Akaigusa tarakimu kwa kidole. "Laki sita zitakuja kweli?"

"Tarehe tano. Zisipokuja, sitakuletea hadithi. Nitakuletea daftari usome mwenyewe."

Doña Fabiola aliingia ndani, akarudi na kalamu. Edilma alidhani anataka kusaini. Badala yake mjane aliinamia mstari wa kwanza wa barua, akachora mstari mzito juu ya maneno.

"Kuna nini tena?" Edilma aliuliza.

"Soma."

Akasoma. Juu kabisa, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameandika: *Yahusu: fremu ya duka la Gildardo.* Barua zote mbili. Wala hakuona.

"Gildardo ndiye atakayenilipa?" Doña Fabiola akamsogezea kalamu. "Andika jina la mwenye duka, nipeleke kwa mwandishi wa mikataba."

Edilma aliishika kalamu. Mabuti jozi mia tatu na kumi alishayahesabu bila kukosea hata moja, lakini jina lake mwenyewe lilimchukua muda, na herufi ya kwanza ilitoka imepinda.