Mstari Usio na Namba ya Simu

Kila mtu ninayemfahamu hapa Nachingwea amewahi kugombana na kifurushi. Unajiunga cha wiki, unakitumia kwa kujibana, siku ya mwisho unaamka na kukuta nusu uliyoibakiza haipo. Watu wanasonya, wananunua kingine, maisha yanaendelea. Mimi sisonyi. Kilichokuwa kikinisumbua ni kujua ile nusu imeandikwa wapi, maana kitu hakiwezi kuondoka hivihivi bila kuacha alama.

Nilikuja kupata jibu nikiwa karani wa kompyuta wa chama cha wakulima wa ufuta. Ofisi iko Nachingwea, wanachama wamesambaa hadi upande wa Ruangwa. Habari za mnada tulizituma kwa ujumbe wa simu kwenda kwa viongozi wa vikundi, nao wawatangazie wenzao. Ujumbe huo tuliulipia kabla, kifurushi kizima, chenye tarehe ya mwisho.

Msimu ule siku ya kupeleka ufuta ghalani iliwahishwa. Kikundi cha Chiola walifika. Nandagala walifika. Malolo walikuja mnada umeshapita, magunia juu ya lori, wamechoka na wamekasirika. Kiongozi wao, mama mmoja wa Kimwera aliyeongoza kikundi hicho tangu kianze, alisema hakupata ujumbe wowote. Meneja wetu akafungua ukurasa wa muhtasari wa matumizi: kifurushi kilikuwa kimeisha chote, salio sifuri. Akasema ujumbe ulitoka, ila mama aliukalia. Wiki chache baadaye wanachama wa Malolo wakaitwa ofisini wachague kiongozi mwingine.

Sikuamini, na sikuwa na sababu ya kutoamini zaidi ya udadisi wangu. Ile sifuri ilikuwa safi mno. Asubuhi ya kikao niliwahi ofisini, nikauacha muhtasari, nikafungua orodha ndefu ambayo hakuna mtu aliyeipenda, ile inayoonyesha kila mara salio lilipopungua.

Kwanza nilichanganyikiwa, kwa sababu kwa kila kiongozi salio lilikatwa mara mbili. Nikacheka peke yangu nilipoelewa. Mwenyekiti wetu hawezi kutaja siku ya mnada kabla hajakusalimu wewe, familia yako na mashamba yako, hivyo ujumbe wake hurefuka na kuhesabiwa kama jumbe mbili. Lakini kila mstari ulikuwa na namba ya aliyetumiwa na saa. Hao walikuwa watu wa Chiola na majirani zao, wote jioni.

Halafu, usiku wa manane, mstari mmoja tu. Salio lililopungua lilikuwa kubwa kuliko yote ya jioni yakijumlishwa. Sehemu ya namba ya simu ilikuwa tupu. Sehemu ya aina iliandikwa: muda umekwisha.

Nilisisimka kama niliyeona nyayo za mnyama kwenye mchanga. Kumbe ndiyo alama yake! Kilichotumika kina mwenyewe, kilichokufa hakina. Muhtasari uliyajumlisha yote mawili kama upungufu mmoja, na sisi tukausoma kama ujumbe uliofika. Chini yake ikaja asubuhi: ujumbe wa upande wa Ruangwa, ambao meneja aliupangia kutoka siku ya pili, wote umekataliwa kwa kukosa salio, bila kukatwa chochote. Malolo walikuwemo, na Nandagala nao. Nilimpigia kiongozi wao. Akaniambia bila wasiwasi kwamba habari aliipata kwa shemeji yake wa Chiola.

Kikao kilipoanza niliigeuza kompyuta waione, nikawaonyesha jioni, usiku, asubuhi. Meneja aliusoma ule mstari mtupu mara kadhaa, kisha akakiri mbele ya wote kwamba mama hakutumiwa kitu. Uchaguzi ukafutwa. Watu wa Malolo wakaanza kuulizana kwa sauti nani atawalipia lori, na walikuwa na haki.

Mimi nilikuwa najisikia mwerevu, nasubiri kupongezwa. Mama akaniomba nimwonyeshe tena mahali ambapo namba yake ilikataliwa. Nikamwonyesha. Akaifuata kwa kidole, tarakimu moja moja, mpaka ya mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilishajua nimeufuta mwenyewe. Wote mnasema ulikuja, nikasema basi akili yangu imechoka. Simu nikampa mjukuu wangu, mashine ndogo kama ile inanishinda."

Udadisi wangu ukaniishia palepale. Wiki zote zile sisi tulikuwa tunabishania ujumbe, na yeye alikuwa nyumbani anajitilia shaka.

Akasimama, akafunga kanga yake vizuri.

"Nikifika nyumbani," akasema, "naidai simu yangu."